Mzee anasema mbili, na usiku halali: tatizo ni swali letu la maumivu

Niseme mapema, mi silipingi lile swali la "kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi". Nalitumia kila kliniki na sitaliacha. Kinachonikera ni hii tabia yetu manesi na madaktari ya kuuliza mara moja, kuandika namba, kufunga faili, halafu namba ikituchanganya tunasema aah huyu mgonjwa hajasoma. Kwa niliyoyaona mimi kwenye kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kuwatuliza maumivu na kuwahudumia wenye magonjwa mazito, wagonjwa wanajibu vizuri tu, ila kila mtu anajibu swali alilolisikia yeye, maana sisi tumewauliza maswali matatu manne ndani ya sentensi moja na hatujawaambia tunataka lipi.

Nianze na mama mmoja hapa Tanga (mambo madogo madogo nimeyabadilisha asitambulike), safari ya kwanza alisema nne, nikaandika nne. Akarudi baada ya kuongezewa dawa, anatembea mwenyewe, kajifunga kanga yake vizuri, anacheka, namuuliza anasema "tisa sista, namshukuru Mungu". Tisa? Mtu mwenye tisa hawezi hata kukaa kwenye lile benchi letu la mbao. Nikamuuliza kumi ingekuwaje, akanishangaa kidogo, "si ndio nimepona kabisa?" Kumbe ananipa maksi za afya yake, kama shuleni, kumi ya kumi umefaulu. Ukimfikiria hana kosa lolote, maisha yake yote namba kubwa ilikuwa habari njema, sasa leo nani kamwambia imegeuka? Na ile nne yake ya mwanzo nayo ilibidi niipigie mstari, maana kwa hesabu yake nne ilikuwa hali mbaya. Siku hizi nikiona namba inakwenda huku na hadithi ya mtu inakwenda kule, naamini hadithi kwanza, halafu narudi kwenye namba.

Mwingine ana kidonda kwenye titi ambacho hata kukiangalia tu unaumia wewe, anasema tatu. Tatu ya nini mama? "Mwanangu mi nimezaa saba, nyumbani, yule wa kwanza siku mbili. Hicho ndio kumi." Basi kwake kila kitu duniani kinapimwa na mtoto wa kwanza. Na sisi si ndio tumemwambia kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kufikiria? Kafikiria, kajibu. Ndio maana ile hesabu ya kulinganisha wagonjwa, kwamba huyu ana tatu na yule ana saba kwa hiyo yule aonwe kwanza, mi naiogopa sana. Namba ya mtu inalingana na namba yake mwenyewe ya jana na ya wiki iliyopita, basi, tena kama umemuuliza swali lile lile.

Halafu kuna kijana wa sikoseli, anasema nane huku anachezea simu, na stafu mwenzangu ananikonyeza kwamba huyu anatuchezea. Mtu aliyeanza kuumwa mifupa hajaanza hata chekechea ameshazoea kuumwa bila kupiga kelele, na hiyo simu ndio inamsaidia asiwaze. Nane yake ni nane. Sisi tunataka mgonjwa alie ndio tumwamini, akilia sana napo tunasema anadeka.

Ila aliyenifanya nibadilishe kabisa namna ya kuuliza ni mzee mmoja wa saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Alikuwa kwenye mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ile ya miligramu 5 ndani ya mililita 5, anakunywa mililita 5 kila baada ya masaa manne, dozi ya kulalia anakunywa mara mbili yake ili asiamshwe katikati ya usiku. Na dawa ya kulainisha choo juu, maana mofini bila hiyo utamtibu mgongo umharibu tumbo. Kila akija namuuliza, anasema mbili. Ukilifungua faili lake ni mbili, mbili, mbili, safi kabisa, daktari anaangalia anasema endelea na dozi hiyo hiyo.

Siku hiyo kaja na mkwe wake. Nimeshamsalimia shikamoo baba, nimeuliza, kasema mbili, nataka kuandika, yule mkwe akaguna. Nikamwambia sema mama. Akasema sista, baba halali kitandani, ana wiki kadhaa analala amekaa kwenye kiti, na kuoga anaoga siku akijisikia kwa sababu kule kuinuka tu anashika ukuta jasho linamtoka.

Nikamgeukia mzee. "Baba, mbona umeniambia mbili?"

"Umeniuliza maumivu yako ni ngapi. Sasa hivi nimekaa. Nikikaa hivi ni mbili."

"Na ukiinuka?"

"Ah, hapo sasa usiniulize."

"Nakuuliza baba."

Akanyamaza, akaangalia mlango, "Nane. Kuna siku inazidi."

Usiku je? Akasema saba, ndio maana ya kile kiti. Na asubuhi hiyo kabla ya kupanda bodaboda kuja kwetu alikuwa amekunywa dozi yake, akakaa kwenye benchi akisubiri foleni, kwa hiyo anafika mezani kwangu dawa inafanya kazi na mgongo umetulia. Yaani sisi tulikuwa tunampima kwenye saa yake nzuri kuliko zote za siku, kila mara, kwa uaminifu mkubwa, halafu tunaandika kwamba maumivu yamedhibitiwa.

Kwa mgonjwa wa namna hii, kabla hata ya kurudi kwenye namba, kuna maswali lazima uyaulize: miguu ina nguvu, ina ganzi, mkojo unatoka kawaida, choo anakihisi. Maana saratani ikiwa kwenye pingili za mgongo inaweza kukandamiza uti wa mgongo, na hapo sio suala la kuongeza mofini, ni dharura, kila saa unayochelewa inahesabika kwa mtu kutembea au kutotembea tena. Kwake miguu ilikuwa sawa, mkojo sawa. Nikaandika kwenye faili: amekaa 2, akiinuka 8, usiku 7, nikampelekea daktari mkononi, sikuliacha kwenye lundo.

Daktari akapandisha dozi ikawa miligramu 7.5 kila masaa manne, ya kulalia mara mbili yake kama kawaida, na akamwandikia dozi ya ziada ya kunywa kama nusu saa kabla ya kuoga au safari, kwa sababu mofini ya kunywa haiamki papo hapo, ukiinywa huku unainuka utakuwa umechelewa. Akaandikiwa pia rufaa ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, kwa maumivu ya mfupa mionzi inasaidia sana na mara nyingi inatosha kupigwa mara moja tu.

Aliporudi, hata kabla ya mionzi, nikauliza yale yale kwa mpangilio ule ule. Amekaa mbili. Akiinuka nne. Usiku tatu, na analala kitandani. Sasa angalieni hapo: namba ya kukaa haijasogea hata kidogo. Ningebaki na swali langu la zamani faili lingesema mbili kabla, mbili baada, na mtu angesema mmeongeza mofini ya nini wakati hakuna tofauti.

Kwa hiyo siku hizi nauliza hivi, nalipasua. Kwanza naeleza ncha zote mbili, sifuri huumwi kabisa, kumi ni mbaya kabisa, na namwambia anirudishie kwa maneno yake kumi ni mtu yuko hali gani, yule mama wa maksi angeonekana hapo hapo. Halafu sasa hivi umekaa, ukiinuka au ukigeuka, tangu jana saa kama hizi ilipobana sana ilikuwa ngapi, usiku unalala? Na la mwisho nauliza maumivu yanakuzuia kufanya nini, kwa sababu mtu atasahau namba yake ila hawezi kusahau kwamba ameshindwa kuinama kwenye sijda.

Zile picha za nyuso nazo watu wananiambia ndio suluhisho kwa wasiojua kusoma, mi naona nusu nusu. Zile za Wong-Baker zilitengenezwa kwa ajili ya watoto huko Marekani miaka ya 1980, nyuso sita, na ile ya mwisho inatoka machozi. Sasa mpe mzee wa kipwani mwenye ndevu nyeupe, mbele ya mkwe wake, aonyeshe ile inayolia! Hata kama anakufa atakuonyesha ya tatu. Maelekezo yake yanasema sio lazima uwe unalia ndio uchague hiyo, lakini nani anayasoma. Kuna nyuso nyingine za mwaka 2001 hazina machozi wala tabasamu, kwa watu wazima naona hizo afadhali.

Mi wa huku napenda vidole. Kwenye tiba shufaa Afrika hiki ni kipimo cha siku nyingi, ngumi ikiwa imefungwa ni hakuna maumivu, vidole vinafunguka kimoja kimoja mpaka vitano, ndio mabaya kabisa. Hakuna asiyeelewa, hata anayeumwa hadi hawezi kuongea anafungua mkono. Ila kuna mtego nimeukuta kwenye mafaili: mgonjwa kaonyesha vidole vyote vitano, nesi wa shifti kaandika 5, fomu inaenda mpaka kumi, daktari anasoma tano anaona ni maumivu ya katikati, wakati mtu yuko mwisho kabisa wa mkono wake. Andika 5/5 jamani, yaani tano ya tano, na usiibadilishe kuwa kumi kichwani kwako.

Najua mtatuambia foleni. Foleni ipo, na kuna siku inafika mpaka nje chini ya mwembe. Lakini maswali haya ukishayazoea unayauliza huku unafunga mashine ya presha mkononi mwa mgonjwa, yanaisha kabla ya presha kusoma mara ya pili. Kinachochelewesha ni fomu yenyewe, ina kisanduku kimoja tu cha namba, nimeshaomba viongezwe viwili nikaambiwa fomu zimeshachapishwa za kutosha. Basi naandika pembeni kwa peni nyekundu, K kukaa, I kuinuka, U usiku, na daktari mpya akija akauliza hizi herufi za nini namweleza.