Asilimia 96 ya nini? Vigezo vya kufunga upimaji na jinsi vinavyopindika

Kikao cha kufunga awamu ya upimaji wa programu huwa kifupi namba zikipendeza. Mtu anasoma kwenye skrini: majaribio yaliyofaulu ni asilimia 96, na kigezo tulichokubaliana ni 95. Hitilafu za daraja la kwanza, yaani zile nzito kuliko zote, hazijabaki. Vichwa vinaitikia, toleo linaruhusiwa. Swali lisiloulizwa ni dogo tu: asilimia 96 ya nini?

Juu ya jambo hili wapimaji wamegawanyika, na ugomvi wao ni wa zamani. Wapo wanaosema vigezo vya kuingia kwenye upimaji na vya kutoka lazima viandikwe kwa namba kabla kazi haijaanza, kisha visiguswe, kwa sababu siku ya mwisho kila mtu amechoka na tarehe ya kutoa bidhaa ndiyo inayoamua. Wapo wanaosema upimaji hauna mwisho wake wenyewe. Watu ndio huusimamisha, na wanaofaa kuusimamisha ni wale wanaoijua bidhaa, hata kama jedwali linasema vingine. Nimewahi kuwa upande huu na ule, na sasa naona kila kambi ina haki mahali ambapo nyingine haitazami.

Tutumie mfano wa kutunga, ingawa vipande vyake vyote nimevikuta kazini. Wapimaji watano wana wiki tatu za kupima mfumo wa kukata tiketi za safari. Wameandika majaribio 412. Vigezo vya kuingia ni vinne: toleo limesakinishwa na majaribio mafupi ya awali yamefaulu, data za majaribio zipo, hakuna hitilafu ya daraja la kwanza iliyobebwa kutoka kwa wasanidi, na mfumo umeunganishwa na huduma ya malipo ya majaribio. Vigezo vya kutoka ni vitatu: asilimia 95 ya majaribio yafaulu, hitilafu za daraja la kwanza zisiwepo kabisa, na za daraja la pili zisizidi tatu.

Siku ya kuanza, huduma ya malipo haiko tayari. Timu inaingia hivyo hivyo, ikitumia huduma bandia iliyoandikwa kwa haraka, ambayo kila ikiulizwa hujibu papo hapo kwamba malipo yamekubaliwa. Uamuzi huo si wa kijinga. Watu watano kukaa wiki nzima bila kazi ni hasara, na sehemu kubwa ya mfumo, yaani utafutaji wa safari, uchaguzi wa viti, akaunti za wasafiri, haihusiani na malipo. Kosa ni kwamba hakuna aliyeandika popote kuwa kigezo cha nne hakikutimizwa. Kilipitishwa kwa mdomo, na cha mdomo kikasahaulika.

Tazama sasa siku ya mwisho. Majaribio yaliyoendeshwa ni 400, yaliyofaulu ni 384. Gawanya 384 kwa 400, unapata asilimia 96, na kigezo kimetimia. Lakini yaliyopangwa yalikuwa 412. Ukigawanya 384 kwa 412, unapata asilimia 93 na kidogo, na kigezo hakijatimia. Kazi ni ile ile, watu ni wale wale, kilichobadilika ni namba ya chini ya mgawanyo, ambayo walimu wa hesabu huiita asili. Kigezo hakikusema asili ni ipi, na siku ya mwisho kila mtu huchagua inayomfaa, tena kwa moyo mweupe.

Hayo majaribio 12 yaliyokwama ndiyo habari yenyewe. Yote yanahusu malipo yanayoharibika katikati: benki inachelewa kujibu, benki inakataa, jibu linakuja mara mbili, fedha zimekatwa lakini mawasiliano yanakatika kabla tiketi haijatolewa. Huduma bandia isiyojua kukataa wala kuchelewa haiwezi kuyapima. Kwenye hesabu ni chini ya asilimia tatu ya kazi. Kwa msafiri aliyelipa asipate tiketi, ndiyo mfumo mzima. Asilimia inalihesabu jaribio la rangi ya kitufe sawa na jaribio la kurudisha fedha, na hapo kambi ya pili inasema kweli: idadi ya majaribio haina habari na uzito wake.

Hata hivyo nisiwaachie ushindi mapema. Wakati wa kikao hicho hicho, hitilafu za daraja la pili zilizo wazi ni sita, na kigezo kinaruhusu tatu. Tatu zinashushwa hadi daraja la tatu. Mojawapo ni hii: msafiri akirudi nyuma kwenye ukurasa kabla ya kulipa, kiti alichokuwa amechagua kinabaki kimefungwa kwa dakika 15, naye mwenyewe hawezi kukichagua tena. Hoja ya kuishusha ni kwamba anaweza kuchagua kiti kingine au kusubiri. Hoja hiyo ina mashiko. Ndivyo daraja linavyopangwa mahali pengi: je, ipo njia ya kuzunguka tatizo? Lakini njia hiyo ilikuwapo tangu hitilafu ilipoandikwa, siku tisa nyuma, na hakuna aliyeitaja hadi leo. Uamuzi wa watu wenye ujuzi, ule unaosifiwa na kambi ya pili, ndio uliotumika hapa kulipinda jedwali.

Dalili ya upindaji inaonekana bila kumshuku mtu yeyote. Fungua historia ya hitilafu kwenye mfumo wa kuzisajili, uangalie lini daraja lilibadilishwa na kuelekea wapi. Katika wiki za kawaida baadhi hupanda na baadhi hushuka, na mara nyingi kuna maelezo mapya: mtu amegundua kuwa hitilafu inatokea kwa watumiaji wengi zaidi, au kwenye kivinjari kimoja tu. Mabadiliko yakirundikana saa 24 za mwisho, yote yakishuka, na maelezo ya hitilafu yakibaki neno kwa neno, basi kilichobadilika ni kalenda, na bidhaa iko pale pale.

Kuna kipimo cha tatu kinachopendwa sana, hata na wasiopenda asilimia: mchoro wa hitilafu mpya kwa wiki. Ukiinama, watu husema bidhaa imetulia. Kwa timu yetu, wiki ya kwanza zilipatikana hitilafu 41, ya pili 30, ya tatu 9. Mchoro unavutia. Ila wiki ya tatu seva ya majaribio ililala siku mbili, na wapimaji wengi walikuwa wakirudia kupima marekebisho ya hitilafu za zamani. Saa za kupima mambo mapya zilikuwa 160 wiki ya kwanza, 150 ya pili, na 40 tu ya tatu. Kwa kila saa 10 za upimaji, basi, wiki ya kwanza ilitoa hitilafu 2.6, ya pili 2, ya tatu 2.25. Hakuna kilichotulia. Wavuvi walipungua, samaki ni wale wale. Mchoro bila saa za kazi chini yake ni afadhali usiwekwe ukutani, na hata ukiwa na saa hizo, kurudia njia zile zile kila siku kutauinamisha tu, kwa kuwa hitilafu za njia hiyo zimeshaokotwa.

Zipo fani ambazo mjadala huu umefungwa na kanuni. Programu za ndege hutengenezwa kwa kufuata waraka wa DO-178C wa mwaka 2011, na kwa programu za kiwango A, yaani zile ambazo kushindwa kwake kunaweza kuiangusha ndege, majaribio lazima yaonyeshe kuwa kila sharti ndani ya uamuzi wa msimbo linaweza lenyewe kubadilisha matokeo ya uamuzi huo. Hapo hakuna kikao cha kushusha asilimia. Upande wa pili, mtaala wa msingi wa ISTQB, bodi ya kimataifa inayotoa vyeti vya wapimaji wa programu, toleo la 4.0 la mwaka 2023, unakubali wazi kwamba kuisha kwa muda au bajeti kunaweza kuwa kigezo halali cha kutoka, mradi wahusika wamezipitia hatari za kutoa bidhaa bila kuipima zaidi na wamezikubali. Wengi hunukuu nusu ya kwanza ya maelezo hayo. Nusu ya pili ndiyo yenye kazi, maana hatari isiyoandikwa haiwezi kukubaliwa na mtu yeyote.

Mimi naegemea namba kali mlangoni mwa kuingia na namba chache mlangoni mwa kutoka. Sababu ni kwamba vigezo vya kuingia ni vitu vya ndiyo au hapana: huduma imeunganishwa au haijaunganishwa. Havihitaji hekima, vinahitaji mtu wa kuangalia. Na magomvi mengi ya siku ya mwisho ni madeni ya siku ya kwanza. Sisemi timu isianze kabla kila kitu hakijatimia, kwani kigezo cha kuingia kisicholegea kabisa humfundisha msanidi kutangaza "tayari" hata kabla hajawa tayari, ili wapimaji wabebe lawama ya kuchelewa. Ila kigezo kikirukwa, kihamie kwa jina lake kwenye orodha ya kutoka. Timu yetu ingekuwa na mstari wa nne mwishoni: majaribio yote yanayotegemea malipo halisi yameendeshwa. Mstari huo usingejificha ndani ya asilimia yoyote.

Kuhusu kutoka, ningeandika asili ya kila asilimia, ningefunga madaraja ya hitilafu siku tatu kabla ya kikao isipokuwa pawe na maelezo mapya, na ningetenganisha maswali mawili ambayo hukaa kiti kimoja. Je, upimaji tulioupanga umekwisha? Hilo linajibiwa na meneja wa upimaji. Je, bidhaa itoke? Hilo ni la mwenye bidhaa, ambaye ndiye atakayepokea simu za wasafiri. Mpimaji anayezuia toleo kwa kung'ang'ania asilimia, na mwenye bidhaa anayejificha nyuma ya asilimia hiyo, wote wanakwepa kazi zao.

Kwa timu ya tiketi, ripoti ya mwisho ingesomeka hivi: yamefaulu 384 kati ya 412 yaliyopangwa, 16 yamefeli, 12 hayajaendeshwa, yote ya malipo yanayokatika katikati, kwa kuwa huduma halisi haikuunganishwa tangu siku ya kwanza, hitilafu mpya kwa saa ya upimaji hazijapungua tangu wiki ya pili, tukipata huduma ya malipo, tunahitaji siku nne. Chini yake kuna nafasi ya sahihi moja, ya mwenye bidhaa, na visanduku viwili: subiri siku nne, au toa sasa huku mtu akikagua kwa mkono, kila asubuhi, malipo yasiyo na tiketi.