Avek sisi

Hii ilinikuta Toulouse, Ufaransa, mwezi wa 10 mwaka 2019, nilipoenda kumtembelea dada yangu mkubwa, na mpaka leo nikienda kwao hakuna anayenipa mkate bila kucheka kwanza.

Sasa dada alikuwa amenitumia kwenye simu kihadithi cha Kifaransa chepesi, mistari michache tu, kile wanachosomaga wanaoanza, akasema mdogo wangu hiki ukikishika kwenye ndege asubuhi ya kwanza nakutuma mkate. Nikakiandika kwenye karatasi kwa masikio yangu mwenyewe hivi: Pol antre da la bulanjeri. Bonjuu madam. Bonjuu mesye. Yun baget, silvuple. Vwala mesye. Mersi, ovwa. Yaani Pol kaingia duka la mkate, kasalimia, kaomba baget, ule mkate mrefu, kapewa, kashukuru, kaaga. Nikasema hii nayo ni hadithi? Hana hata mke huyu Pol.

Shida ikaletwa na jamaa yangu mmoja wa Dar aliyenisindikiza uwanja wa ndege. Huyu ndo mtaalamu wetu wa Ulaya (alikaa huko masaa sita akisubiri kuunganisha ndege, hakutoka nje ya jengo). Akaniambia, wewe kule usianze mambo yako ya habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, wazungu hawana muda, ingia na shida yako moja kwa moja. Nikaona maneno ya maana kabisa. Nikachukua peni nikakata mstari wa bonjuu na wa kuitikia, nikabaki na baget na silvuple, hadithi ikawa fupi zaidi.

Asubuhi saa moja na nusu natoka, nje giza totoro, kule Oktoba jua linachelewa kutoka. Duka liko kona tu. Foleni ya watu wanne hivi, joto la mkate linakupiga usoni, nyuma ya kaunta mama mmoja wa makamo ana aproni, mikono ina unga mpaka kwenye kiwiko. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya yun, yun, yun, maana dada alinionya baget ni ya kike, ukisema an ya kiume watu wanashtuka. Zamu yangu ikafika. Nikatoa kifua nikasema, "Yun baget, silvuple!"

Mama akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Akaniangalia. Akasema taratibu, "Bonjuu."

Nikajua kuna mteja kaingia nyuma yangu. Nikageuka, nikamkuta mzee mmoja wa kofia ananitazama tu. Nikarudi, "Yun baget, silvuple," safari hii kwa sauti, nikidhani hakusikia. "BonJUU," mama kapandisha mwishoni kama mwalimu anayesubiri darasa liitikie. Kidole nilikuwa nimekinyanyua kuonyesha moja, kikabaki hewani. Mzee wa kofia akanigusa bega akanong'ona, "Bonjuu madam." Hapo ndo shilingi ikadondoka. Nikasema bonjuu madam kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe, na uso wake ukafunguka palepale, "Bonjuu mesye!" baget ikatoka rafuni ikafungwa kikaratasi pale katikati pa kushikia.

Ningeondoka hapo ingekuwa salama. Kumbe yule mama bado, akanitazama kwa upole akauliza, "Avek sesi?"

Mimi Mswahili. Avek naijua, avek ni "pamoja na". Na hiyo nyingine masikio yangu hayakupata sesi, yalipata SISI. Avek sisi. Pamoja na sisi! Nikasema kumbe huyu mama alikuwa anataka salamu tu jamani, sasa nimemsalimia ananikaribisha chai. Kwetu ukikaribishwa hukatai. Nikajibu, "Wi, mersi, avek plezir!"

Akakunja uso kidogo. "Wi... kwa?"

Yaani nilisisimka. Avek sisi, halafu kwa? Huyu mama anajua Kiswahili! Kaolewa Zanzibar huyu! Nikamjibu kwa Kiswahili fasaha, "Kwa dada yangu, hapo jirani tu, nimefika jana."

Duka zima kimya. Foleni sasa imefika mlangoni. Mzee wa kofia, Mungu amlipe, akanyoosha kidole kwenye kabati la vioo akaniuliza, "Chokolatini?" Mimi nikasema wi, sababu kwa hali ile ningesema wi hata kama ananiuliza niuzwe. Mama akapumua, akatia chokolatini, kumbe ni kimkate chenye chokoleti ndani, kwenye kifuko, nikatoa noti, nikarudishiwa chenji. Halafu nikafanya nini? Pembeni dirishani palikuwa na kimeza na viti viwili. Nikaenda kukaa. Kusubiri chai.

Nimekaa pale na baget yangu mapajani kama rungu la mgambo, kila mteja anayetoka ananipitishia jicho. Simu ikaita.

"Mkate uko wapi wewe, watoto wanaenda shule!"

"Dada nisubiri kidogo, nimekaribishwa chai."

"Na nani?"

"Na huyu mama muuza mkate, kaniambia avek sisi."

Kukawa kimya. Halafu nikasikia simu imeanguka sakafuni huko na mtu anacheka mbali.

Nilisimama nikatoka, ila mlangoni nikakumbuka deni la salamu, na deni ni deni, nikageuka nikawaambia wote kwa nguvu, "Bonjuu!" Wakaniitikia. Wote. Mimi huyo natoka.

Nyumbani dada ndo ananifafanulia, machozi bado yanamtoka. Avek sesi maana yake "pamoja na hii", yaani anakuuliza tukuongezee nini, na wauza mkate wanaiuliza karibu kila mteja, na jibu lake ni "se tu", yaani ni hayo tu, basi. Na ile "kwa" ni "nini" ya Kifaransa, si Kiswahili. Nikamwambia mbona Pol hakuulizwa? Pol kapewa baget kaenda zake! Akasema hadithi nyepesi ndo zilivyo, wanatoa yale magumu. Na bonjuu, akasema, usiihesabu kama salamu ya kuulizana hali, ihesabu kama hodi. Kwetu unaweza kusukuma mlango wa mtu ukaanza kusema naomba chumvi? Ndo hivyohivyo, bonjuu kwanza, asubuhi au mchana, jioni inakuwa bonswa, ukitoka unasema bon jurne, uwatakie siku njema. Kwa hiyo mimi niliingia bila hodi halafu nikapiga hodi wakati natoka.

Kesho yake nikarudi, nimebandika tena mstari wa Pol nilioukata. Nikaingia, bonjuu mesyedam kwa foleni nzima, wawili watatu wakaguna bonjuu. Nikafika kwa mama, bonjuu madam, bonjuu mesye, yun baget silvuple, vwala. Natetemeka nasubiri swali. Mama akaniangalia, akaangalia kile kimeza cha dirishani, akaona aliruke swali lenyewe, akasema mwenyewe haraka haraka, "Se tu?"

Mpwa wangu mdogo, wa miaka 5, chakula kikiwekwa mezani sasa hivi hasemi karibuni. Anapiga kijiko kwenye sahani anasema anko, avek sisi?