Geuza Santuri, Benga Iko Upande wa Pili

Mtu wa Kisumu akikuambia anapenda benga ya zamani, muulize anapenda ya upande gani. Wengi watakutajia walichokisikia redioni, na redio kwa kawaida ilicheza upande wa kwanza wa santuri. Mimi ni wa upande wa pili, na wanaosema huo ni ujuaji tu wa wakusanyaji hawajaisikiliza benga ikaisha.

Ng'ambo, upande B mara nyingi ulikuwa wa wimbo wa kujazia. Kampuni iliweka upande A kile ilichotaka kiuzwe, kisha ikatafuta chochote cha kuziba nafasi nyuma. Wakati mwingine wasikilizaji waliikosoa hukumu hiyo: wimbo wa Gloria Gaynor unaojulikana kuliko yote, wa 1978, ulitoka kwanza upande wa pili, hadi wacheza muziki wa madisko walipoigeuza santuri. Lakini kwetu kando ya ziwa upande B una historia nyingine, na chanzo chake ni ufinyu wa nafasi.

Santuri ndogo ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, hutosheka na kama dakika tatu kila upande. Unaweza kuiongezea, ila ujue gharama yake. Besi nzito huifanya sindano iyumbe sana, kwa hiyo inataka mfereji mpana. Ukitaka dakika nyingi lazima mifereji ibanane, na ikibanana itabidi upunguze sauti na besi. Sasa benga bila besi ni nini? Bendi iliyozoea kuchezesha watu baa usiku kucha haikuwa na wimbo wa dakika tatu. Watayarishaji wakaukata wimbo mmoja vipande viwili: sehemu ya 1 mbele, sehemu ya 2 nyuma.

Chukua santuri ya aina hiyo uisikilize pole pole. Upande wa kwanza gitaa la solo linafungua, mwimbaji anaingia na kisa chake, wenzake wanaitikia, na solo inamfuata nyuma ikirudia sauti yake. Kisa kinakaribia kuisha, solo inaanza kuchomoka, ridhimu inakaza, na hapo hapo sauti inafifia. Wimbo umekatwa mlangoni. Ukigeuza, unakuta magitaa yamekwisha kupaa. Maneno ni machache, besi ndiyo inayoongoza miguu, na mwimbaji sasa anaita majina ya marafiki na wafadhili, na vijiji walikotoka. Kuna wazee wanaoweka santuri kwa ajili ya jina moja tu linaloitwa pale nyuma, na siwalaumu.

Ukitaka kujua kama ni wimbo mmoja uliokatwa au umepigwa mara mbili, sikiliza mwanzo wa upande wa pili. Ukianza katikati ya mwendo, kwa kasi na ufunguo ule ule uliofifia nao, ni mkato. Ukianza na utangulizi mpya, huenda bendi ilisimama, ikapumua, ikaanza tena. Ule wa mkato ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu wapigaji walikuwa wamekwisha pata joto.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda. Phares Oluoch Kanindo alitayarisha santuri nyingi za benga, nazo zikafika hadi Zimbabwe, ambako muziki huo uliitwa kwa jina lake, kanindo. Wengi kule hawakujua Kijaluo. Kisa cha upande wa kwanza kiliwapita. Magitaa hayakuhitaji mkalimani. Kwangu mimi hao ni mashabiki wa upande wa pili, hata kama hawakuwahi kujiita hivyo.

Kisha kuna suala la uchakavu. Ukinunua santuri kuukuu pale sokoni Kibuye, iinamishe kwenye mwanga. Upande wa kwanza mara nyingi umefifia rangi, umekuwa kijivu kwa sindano butu za miaka mingi, na sauti yake inakwaruza. Wa pili bado unang'aa. Basi sehemu ya kupendelea kwetu haina falsafa yoyote: upande B unasikika vizuri zaidi.

Nakubali si kila upande B una mali. Zipo santuri ambazo sehemu ya 2 ni mzunguko ule ule, solo haina jipya la kusema, na unaona wazi walikuwa wakingoja dakika ziishe. Hizo naziweka chini haraka.

Ninachogombana nacho ni hizi nakala za kidijitali. Mtu anahamisha upande wa kwanza pekee, anaandika jina la wimbo, anaona kazi imekwisha. Mwingine anaunganisha pande mbili lakini anaacha ule mfifio katikati, wimbo unazama kisha unaibuka. Afadhali aziache faili mbili, kila moja na namba ya upande wake, ili anayetaka kucheza aanze moja kwa moja na ya pili.