Ashwagandha ukiwa kwenye dozi ya TB

"Navua dagaa usiku hapa Kibirizi, Kigoma. Usingizi wa mchana haushiki na mwili hauchangamki. Nipo mwezi wa tatu wa dawa za TB. Nimeletewa unga wa ashwagandha, nitumie?"

Hapana, usiutumie mpaka umalize dozi. Si kwamba ashwagandha, mzizi wa dawa ya asili ya India, ni ya uongo. Mwaka 2012 nchini India, watu wazima 64 wenye msongo walifuatiliwa kwa siku 60. Waliomeza miligramu 300 za dondoo ya mzizi asubuhi na jioni walipungukiwa na msongo, na kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tafiti nyingine ndogo zimeonyesha nafuu kiasi kwenye usingizi. Lakini ile ilikuwa dondoo iliyopimwa: ikiwa na asilimia 5 ya withanolaidi, viambato vyake vikuu, miligramu 600 za siku zinatoa miligramu 30. Kijiko chako cha unga hakuna aliyekipima. Na ushahidi wa mitishamba mingine kama ginseng au rodiola kwa msongo ni dhaifu zaidi, kwa hiyo kubadilisha mti si njia ya kukwepa.

Shida yako iko kwenye ini. Mwezi wa tatu kwa kawaida umebaki na rifampisini na isoniazidi, na zote mbili zinaweza kulijeruhi. Ashwagandha nayo imewajeruhi ini baadhi ya watumiaji hadi macho kugeuka manjano, mara nyingi kati ya wiki 2 na 12 tangu waanze. Ni wachache, na wengi hupona wakiacha, ila wewe unaongeza mzigo juu ya mzigo.

Tuseme umeanza leo, na wiki ya tano mwili unawasha, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, macho yanageuka manjano. Wengi watasema malaria. Ukipimwa, kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kinasoma 150 wakati mwisho wa kawaida ni 40. Kikipita mara tatu ya mwisho huo, yaani 120, na dalili zipo, daktari husimamisha dawa za TB. Hapo hawezi kujua mkosaji ni kidonge au ni unga, na matibabu yako yanakatika kwa sababu ya kitu ambacho ungeweza kukiacha. Dalili hizo zikitokea hata bila ashwagandha, nenda kliniki ya TB siku hiyohiyo.

Hata baada ya dozi, mjamzito, mwenye ugonjwa wa tezi la shingo au wa ini, na anayetumia dawa za usingizi au kisukari aiache. Inasinziza pia, na kusinzia kwenye mtumbwi katikati ya Tanganyika ni hatari ya peke yake.

Kwa sasa tumia siku za mbalamwezi, mnapopumzisha taa. Lala usiku mfululizo, uone. Usingizi ukirudi, kilichokuwa kikiukata ni zamu yenu. Usiporudi, au ukitoka jasho usiku na kupungua uzito, mwambie mhudumu wako wa TB, kwa sababu huenda ugonjwa wenyewe haujatulia.