Anayefukuzwa si lazima awe anayekula zaidi

"Kaka, podi ya ripoti tumeipa kikomo cha memori cha 2000Mi. Imefukuzwa ikiwa na 1460Mi tu. Databesi iko nodi hiyo hiyo, inakula 3300Mi, haijaguswa. Sasa kikomo kina kazi gani?"

Kwenye kufukuzwa huku, hakina. Tunazungumzia Kubernetes, mfumo unaoendesha programu ndani ya podi, yaani vifurushi vya kontena, na kuzigawa kwenye mashine ziitwazo nodi. Ushahidi umo kwenye ujumbe ambao `kubelet`, msimamizi wa podi kwenye kila nodi, huuacha kila inapofukuza podi. Ukiita `kubectl describe pod` kwa podi iliyotolewa utaukuta:

```
The node was low on resource: memory. Threshold quantity: 100Mi,
available: 92160Ki. Container ripoti was using 1495040Ki,
request is 256Mi, has larger consumption of memory.
```

Hizo 1495040Ki ndizo 1460Mi zenu. Kilicholinganishwa nazo ni 256Mi, yaani kile mlichokiandika kwenye `requests`, nami hapa nitakiita ombi. Zile 2000Mi za `limits` hazitajwi popote. Kikomo ni shauri la kontena na keneli ya Linux: likikivuka linauawa papo hapo, unaona `OOMKilled` na msimbo 137, kisha linawashwa upya ndani ya podi ile ile. Kufukuzwa ni shauri jingine. Ni nodi nzima inayoishiwa memori, na `kubelet` inaamua nani atoke ili wengine wabaki.

Swali limetoka kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, na nyuma yake upo ugomvi ambao haujaisha. Mwenye kusimamia gharama za seva anataka maombi yawe madogo na vikomo viwe vikubwa, ili podi nyingi zienee kwenye mashine chache. Mwenye kutunza databesi anataka ombi la memori lilingane na matumizi halisi, na kwa vitu nyeti lilingane na kikomo chenyewe. Huyu wa pili anaitwa mwoga na mfujaji. Nadhani anaonewa, na hesabu ya nodi yao inaonyesha kwa nini.

Nodi ya kwanza ina memori ya 8000Mi. Mfumo umetengewa 900Mi na kizingiti cha kufukuza ni 100Mi, ambacho ndicho chaguo-msingi kwenye Linux. Zinabaki 7000Mi za kugawia podi. Databesi imeomba 3500Mi na kikomo chake ni hicho hicho. Podi ya nyaraka za forodha imeomba 1500Mi, kikomo 2000Mi. Podi ya kuchakata picha za hati imeomba 512Mi, kikomo 1500Mi. Ripoti imeomba 256Mi, kikomo 2000Mi. Maombi yote ni 5768Mi, kwa hiyo kwenye daftari la `kube-scheduler`, inayochagua podi ikae nodi gani, nodi hii bado ina nafasi ya 1232Mi. Vikomo ukivijumlisha vinafika 9000Mi, zaidi ya memori ya mashine yenyewe, na hakuna aliyezuia hilo, kwa sababu `kube-scheduler` inapopanga podi haitazami vikomo. Haitazami hata matumizi ya sasa. Inatazama maombi basi.

Meli ikishatia nanga na kila mteja akataka ripoti yake, hali inakuwa hivi: databesi 3300Mi, nyaraka 1400Mi, picha 1000Mi, ripoti 1460Mi, na mfumo wenyewe 750Mi. Jumla ni 7910Mi. Zimebaki 90Mi, kizingiti kimevukwa.

Hapo `kubelet` inazipanga podi kwa maswali matatu yanayofuatana. La kwanza: nani anatumia zaidi ya alichoomba? Ripoti na picha. Databesi na nyaraka ziko ndani ya maombi yao, kwa hiyo zinakwenda nyuma ya foleni. La pili: kati ya waliozidisha, nani ana kipaumbele kidogo? Hapa wote wako sawa, hakuna aliyewekewa `priorityClassName`. La tatu: nani amezidisha kwa kiasi kikubwa? Picha imezidi kwa 488Mi, ripoti kwa 1204Mi. Ripoti inatoka. Kondakta wa basi lililojaa kupita kiasi hamtafuti abiria mnene. Anamtafuta aliyekata tiketi moja akapanda na magunia manne.

Mpangilio wa maswali hayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Msimamizi wao alipendekeza ripoti ipewe kipaumbele cha juu, yaishe. Kingeisaidia dhidi ya podi ya picha, maana zote mbili zimezidisha. Dhidi ya podi ya nyaraka kisingeisaidia kitu: aliyezidisha ombi lake hutangulia kutoka kuliko asiyezidisha, hata huyo asiyezidisha akiwa na kipaumbele cha chini kabisa. Na kufukuzwa kwa kizingiti hiki hakuna muda wa kuaga. Podi inauawa mara moja, `PodDisruptionBudget`, kanuni ya kulinda podi zisiondolewe nyingi kwa mpigo, haiulizwi, na kilichokuwa kwenye `emptyDir`, hifadhi ya muda ya podi, kinakwenda nayo.

Lakini balaa la ombi la 256Mi halikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo inayonifanya nimtetee yule wa databesi. Ripoti ilipofukuzwa, Deployment, ambayo kazi yake ni kuhakikisha podi ipo daima, iliunda nyingine badala yake mara moja. Ikaenda wapi? Nodi ya pili nayo ina 7000Mi za kugawa, na maombi yaliyoko huko ni 6300Mi, ingawa matumizi yake halisi, mfumo ukiwemo, ni 4100Mi. Nodi ya kwanza, baada ya ripoti kutolewa, ina maombi ya 5512Mi. Kwa upimaji wa kawaida wa `kube-scheduler`, CPU zikiwa zinalingana, nodi yenye maombi machache ndiyo inayopendelewa. Kwa hiyo ripoti mpya ilirudishwa pale pale ilipofukuzwa, kwenye nodi iliyokuwa imebanwa, huku ile yenye karibu nusu ya memori tupu ikionekana imejaa.

Kuna atakayesema nodi iliyobanwa huwekewa alama ya `node.kubernetes.io/memory-pressure`, na alama hiyo huzuia podi mpya. Huzuia zile zisizo na ombi wala kikomo chochote. Podi yenye ombi, hata la 256Mi, hupewa kibali cha kuivumilia alama hiyo bila wewe kukiandika, ikapita. Ndiyo maana `kubectl get pods` ya mchana ule ilijaa safu za ripoti zenye hali ya `Evicted`, moja baada ya nyingine, na mtu wa zamu akadhani programu ya ripoti inavuja memori. Haikuvuja. Ilikuwa inafanya kazi ya kawaida ya 1460Mi ikiwa imeandikishwa kwa 256Mi, na uongo huo uliiumiza mara mbili: kwenye kupangwa na kwenye kufukuzwa.

Databesi, kwa upande wake, isingeweza kuingia kundi la waliozidisha. Ombi lake na kikomo chake cha memori ni kimoja, hivyo kabla ya kuzidi ombi ingekuwa imeshagonga kikomo. Wengi hudhani kinga hii inatokana na daraja la `Guaranteed`, ambalo podi hupewa ombi likilingana na kikomo kwa memori na CPU pia, wakahangaika kuweka kikomo cha CPU. Kwa kufukuzwa na `kubelet`, daraja haliulizwi. Kinachotazamwa ni matumizi dhidi ya ombi. Daraja lina kazi mahali pengine. `kubelet` hukagua kila baada ya sekunde 10 hivi, na memori ikipanda ghafla kabla haijakagua, keneli huingia na kuua yenyewe kwa kufuata alama za `oom_score_adj`: alama ikiwa kubwa, hatari ya kuuawa ni kubwa. Podi ya `Guaranteed` hupewa -997, karibu haiguswi. Ripoti, kwa ombi la 256Mi kwenye mashine ya 8000Mi, ina 968, na 1000 ndiyo mwisho. Kama databesi ingekosa kikomo cha CPU ingeshuka daraja na kupata 563: si mbaya, ila si -997.

Sasa yule wa gharama. Hoja yake haistahili kubezwa, kwa sababu nodi ya pili ni ushahidi wake. Kule kuna podi ya Java iliyoombewa 3000Mi tangu ilipowekwa, na kilele chake kwenye grafu za wiki mbili ni 1300Mi. Hizo 1700Mi zinalipiwa kila mwezi na hakuna anayezitumia. Kila podi ikiombewa kwa hofu namna hiyo, kampuni ndogo itanunua mashine ya tatu na ya nne bila sababu. Tena zipo kazi zinazopanda kwa nyakati tofauti, moja asubuhi na nyingine usiku, na kuzitengea kilele zote kwa wakati mmoja ni kulipia memori ile ile mara mbili. Kwa kazi za namna hiyo ombi dogo na kikomo kikubwa ni busara, mradi aliyeliandika anajua kwamba amejiweka mbele ya foleni.

Anapokosea ni pale anapodhani ombi dogo linapunguza matumizi. Linapunguza kinachoonekana kwenye daftari. Deni lenyewe linahama, halafu linadaiwa mchana meli ikiwa gatini badala ya kudaiwa siku ya kuweka programu.

Jaribu kuandika ukweli uone. Ripoti ikiombewa 1500Mi, nodi ya kwanza haiwezi kuichukua: 5512 na 1500 ni 7012Mi, zinazidi kwa 12. Nodi ya pili imebakiwa na 700Mi. Podi ingekwama kwenye `Pending` na ujumbe wa `Insufficient memory`, tena saa ile ile ya kuiweka, kila mtu akiwa macho. Lakini punguza ombi la Java kutoka 3000Mi hadi 1600Mi, ambalo bado lina nafasi ya 300Mi juu ya kilele chake, na nodi ya pili inabaki na 2100Mi. Ripoti inaingia bila mashine mpya. Matumizi halisi ya nodi hiyo yatafika kama 5560Mi kati ya 8000Mi.

Tahadhari moja kabla ya kuandika 1500Mi. Hesabu ya `kubelet` huingiza pia kashe ya mafaili yanayosomwa mara kwa mara, ile inayoitwa `active_file`, ingawa keneli ingeweza kuirudisha ikibanwa. Ripoti inasoma mafaili mengi ya CSV, kwa hiyo sehemu ya zile 1460Mi huenda ni kashe. Fungua `memory.stat` ya kontena ulinganishe `anon` na `active_file` ndipo uamue.

Ripoti ikishahama, nodi ya kwanza itabaki na podi moja iliyozidisha, ya picha, kwa 488Mi. Hiyo mimi ningeiacha na ombi lake la 512Mi na kuipa kipaumbele cha chini. Inachukua kazi kutoka kwenye foleni, na picha iliyokatizwa huchakatwa upya bila mteja kujua.