Maswali 150 kwa saa nne: alama ya kurudia iwekwe wapi

"Shikamoo kaka. Nafanya CISA, mtihani wa cheti cha ukaguzi wa mifumo ya habari, mwezi ujao. Kwenye majaribio nawekea alama maswali mengi ili niyarudie, halafu muda unaniishia kabla sijamaliza kuyapitia. Mwenzangu anasema nisirudie kabisa, eti jibu la kwanza ndilo sahihi. Nimfuate?"

Marahaba. Mwenzako ana hoja, ila sababu aliyokupa siyo. Kurudia kuna gharama, na gharama hiyo ni muda. Hilo la jibu la kwanza kuwa sahihi ni jambo jingine kabisa, na nitalifikia.

Tuanze na hesabu. CISA ina maswali 150 kwa dakika 240. Ukigawa sawasawa, kila swali linapata sekunde 96, lakini huo ni mgawo wa mtu asiyerudi nyuma hata mara moja. Anayetaka kurudi lazima aubane mzunguko wa kwanza. Tuseme unataka ubaki na dakika 40 mwishoni: mzunguko wa kwanza unabaki na dakika 200, yaani sekunde 80 kwa swali. Umelipa sekunde 16 kwenye kila swali, pamoja na yale ambayo hukuwa na shaka nayo, ili ununue nafasi ya kurudi kwenye machache. Biashara hiyo inalipa pale tu hayo machache yanapokuwa machache kweli. Ukiwa na maswali 25 uliyoyawekea alama, kila moja linapata dakika moja na nusu na zaidi kidogo. Ukiwa nayo 60, kila moja linapata sekunde 40, na kwa sekunde 40 huwezi kusoma upya swali la mistari minne au mitano ukalinganisha majibu manne. Mtihani wenyewe hautolewi kwa Kiswahili, kwa hiyo wengi wetu tunausoma kwa Kiingereza, na swali lenye "isipokuwa" iliyojificha katikati ya sentensi hatulimalizi kwa kulipitishia jicho. Kinachotokea ni kwamba unalitazama jibu ulilochagua, unalitilia shaka kwa kuwa lina alama, unabadilisha au hubadilishi, kisha unasonga. Hapo hujapitia kitu. Kwa upande huu mwenzako yuko sawa: kurudia kwa namna hiyo ni afadhali kusiwepo.

Sasa hilo la jibu la kwanza. Watafiti Kruger, Wirtz na Miller walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa mitihani ya katikati ya muhula ya zaidi ya wanafunzi 1,500 wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Illinois. Walitazama mahali ambapo mwanafunzi alifuta jibu na kuweka jingine. Katika mabadiliko hayo, asilimia 51 yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi, asilimia 25 yalitoka kwenye sahihi kwenda kwenye kosa, na yaliyobaki yalihama kosa moja kwenda jingine. Kwa kila aliyejiharibia, wawili hivi walijiokoa. Walieleza pia kwa nini imani hiyo haifi: kosa ulilolipata kwa kubadilisha jibu sahihi linauma kuliko kosa uliloliacha lilivyo, na linakumbukwa zaidi. Mtu anatoka chumba cha mtihani akilia na swali moja alilolibadilisha, na hana habari na yale mawili aliyoyaokoa.

Lakini usizipokee namba hizo kama ruhusa ya kubadilisha kila kitu. Zinahusu majibu ambayo wanafunzi wenyewe waliamua kuyabadilisha, yaani walikuwa na sababu fulani. Hazisemi lolote kuhusu mtu ambaye angejilazimisha kubadilisha kila alipokuwa na wasiwasi. Na mtihani wa katikati ya muhula si kikao cha saa nne. Kichwa cha dakika ya 225 si kile cha dakika ya 20, na wewe maswali yako unayarudia dakika ya 225.

Kwa hiyo swali la kurudia au kutorudia naona limeulizwa vibaya. Linalostahili kuulizwa ni hili: shaka ya aina gani inaweza kuondoka kwa kuliangalia swali mara ya pili?

Shaka ya kutojua haiondoki. Umekutana na istilahi ambayo hujawahi kuisoma. Haitakuwa imekuingia kichwani saa mbili baadaye. Mara chache swali la mbele litaitaja kwa namna inayokufungua macho, na likifanya hivyo utalikumbuka lile la nyuma bila alama. Kwenye CISA jibu lisilo sahihi halikupunguzii maksi, unahesabiwa yale uliyopata tu, kwa hiyo ondoa machaguo unayoweza kuondoa, bahatisha kwenye yaliyobaki, na uende. Usiliwekee alama. Najua linauma. Nina hakika nusu ya alama zako za sasa ni za aina hii.

Shaka inayoweza kuondoka ni ya kusoma: mada unaijua, umebaki na majibu mawili, na yote mawili yanaonekana ya kweli. Hapo ndipo CISA inapopenda kukuweka, kwa maneno yale yanayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye skrini: FIRST, BEST, MOST. Nikutungie la mfano.

Mkaguzi anagundua kwamba mhasibu aliyeacha kazi wiki tatu zilizopita bado ana akaunti hai kwenye mfumo wa malipo. Afanye nini KWANZA? A, aiarifu kamati ya ukaguzi. B, aangalie logi za mfumo kuona kama akaunti imetumika tangu mhasibu aondoke. C, apendekeze utaratibu wa kufunga akaunti uboreshwe. D, aifunge akaunti mwenyewe.

D inatoka mara moja, kwa kuwa mkaguzi haendeshi kidhibiti anachokikagua. Akifanya hivyo amepoteza uhuru wake. Zinabaki tatu, na zote ni mambo ambayo mkaguzi mzuri atayafanya wiki hiyo. Mtahiniwa aliyezoea kuandika ripoti mkono unakwenda C, kwa sababu pendekezo ndilo linaloandikwa kwenye ripoti zetu. Anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, anaacha C ikiwa imechaguliwa, anaweka alama. Akirudi na macho mapya anaona KWANZA: huwezi kupendekeza wala kuarifu kabla hujajua ukubwa wa jambo lenyewe. Anahamia B. Alama hiyo imemlipa.

Sasa mtazame mwingine, aliyechagua B tangu mwanzo lakini akaweka alama kwa woga tu. Anarudi zikiwa zimebaki dakika 15, amechoka. Anaona "kamati ya ukaguzi", anajiambia suala la malipo ni zito, wakubwa lazima wajue, anahamia A. Hakuna neno jipya aliloliona kwenye swali. Alichoongeza ni wasiwasi.

Tofauti ya hao wawili ndiyo kanuni ninayokupa: badilisha pale tu unapoweza kulitaja neno lililomo kwenye swali ambalo mara ya kwanza hukuliona au ulilisoma vibaya, au ukweli wa mada ulioukumbuka sasa. Ukikosa kulitaja, liache kama ulivyolikuta. Na ndiyo maana nasisitiza uchague jibu kabla ya kuweka alama. Sisi tuliofanya mtihani wa darasa la saba kwa kujaza vivuli kwa penseli tuna tabia ya kuruka swali na kuliacha tupu. Ukiacha tupu, ukirudi unaanza sifuri, na muda ukikatika hilo ni kosa la hakika. Ukiacha jibu, unachofanya baadaye ni kulihoji, na muda ukikuishia tayari limejibiwa.

Kuhusu mwendo, usiangalie saa kila swali, inakata mawazo. Iangalie mara tatu. Ukimaliza swali la 50 ziwe zimebaki kama dakika 170, ukimaliza la 100 zibaki 105, ukimaliza la 150 zibaki 40. Nimekupa dakika tano za ziada kwenye hamsini za kwanza kwa makusudi, kwa sababu mwanzoni kila mtu husoma mara mbili mbili mpaka atulie. Ukifika la 100 zikiwa zimebaki 90, umechelewa dakika 15. Kosa la kawaida hapo ni kuanza kukimbia, na hamsini za mwisho zote zinasomwa nusunusu. Usikimbie. Endelea na mwendo ule ule, ila kubali kwamba utabaki na dakika 25 za kurudia, na zinatosha maswali 15 hivi. Ukiwa tayari una alama 20, usiongeze nyingine isipokuwa umebaki na mawili na unajua kabisa kwamba hukulisoma vizuri. Zile dakika 40 ndizo akiba yako. Ucheleweshaji ukatwe humo, usikatwe kwenye maswali ambayo bado hujayaona.

Mimi siwezi kukuambia kama wewe binafsi ni mtu wa kurudia au la, na mwenzako hawezi pia. Majaribio yako yatakuambia. Fanya maswali 75 kwa dakika 120, na kila unapobadilisha jibu andika pembeni namba ya swali, herufi ya zamani na mpya, na neno moja la sababu. Ukisahihisha, hesabu yaliyotoka kwenye kosa kwenda sahihi, na yaliyotoka sahihi kwenda kosa. Fanya hivyo kwenye majaribio kadhaa. Ukiona unaokoa zaidi ya unavyoharibu, tunza dakika 40 zako. Ukiona zinalingana, au unaharibu zaidi, punguza akiba iwe dakika 15 na uzirudishe zilizobaki kwenye mzunguko wa kwanza. Hapo mwenzako atakuwa amekushauri vizuri. Kisha angalia ile safu ya sababu. Sitashangaa ukikuta yale uliyoyaharibu karibu yote hayana neno lililoandikwa pale, au pameandikwa "wasiwasi".

Jambo moja la kando, maana najua unafikiria kufanya CISSP, ule mtihani wa usalama wa mifumo ya habari, baadaye: usiubebe mpango huu kwenda nao huko. Ule mtihani unachagua swali linalofuata kutokana na ulivyojibu yaliyotangulia, kwa hiyo ukithibitisha jibu hurudi tena. Huko shaka yote unaimaliza palepale, na kipimo cha muda unachojifunza ni kimoja tu: lini uache kulifikiria swali lililo mbele yako.