Gesi halisi: mlinganyo wa van der Waals unafika wapi, na unaishia wapi

"Nina moli 1 ya kaboni dayoksaidi kwenye chombo cha lita 1, nyuzi 40 za Selsiasi. PV = nRT inanipa baa 26, van der Waals inanipa 23.6. Nishike lipi?"

Shika 23.6. Vipimo vya gesi hii katika hali hiyo viko karibu na baa 23.3, kwa hiyo mlinganyo wa gesi kamilifu umezidisha kwa takribani asilimia 12, na ule wa van der Waals kwa asilimia 1 hivi. Lakini ushindi huo ni wa chombo hicho tu.

Tuone kwanza 23.6 imetoka wapi:

```
P = nRT/(V - nb) - a(n/V)^2
```

Kwa kaboni dayoksaidi, a ni 3.640 ukitumia lita na baa, na b ni lita 0.04267 kwa moli. R ni 0.083145 na halijoto ni kelvini 313.15, hivyo RT ni 26.04. Toa b kwenye lita 1, ibaki 0.957, ambayo ndiyo nafasi molekuli zinayoweza kuzungukia. Gawanya, upate baa 27.20. Kumbe nafasi ikipungua kanieneo hupanda kidogo. Kisha mvutano wa molekuli unapunguza nguvu ya kugonga kuta, nao hapa ni baa 3.64. Inabaki 23.56. Mvutano umeshinda nafasi, ndiyo maana jibu liko chini ya lile la gesi kamilifu.

Wengi huharibu hesabu hii kwenye a. Jedwali jingine litakuandikia 0.3640, kwa sababu limetumia paskali na mita za ujazo. Ukiichanganya na lita unapata baa 26.83, namba inayopendeza machoni lakini si sahihi. Dalili yake ni kwamba imevuka 26.04, wakati gesi hii kwenye nyuzi 40 na baa ishirini na kitu inapaswa kuwa chini. Jaribu pia ujazo mkubwa: kwenye lita 24 milinganyo yote miwili inatoa baa 1.08, tofauti haifiki nusu ya asilimia. Ikikataa kukaribiana hapo, vipimo vyako vimechanganyika.

Sasa ibane moli hiyohiyo hadi lita 0.070, halijoto ikiwa ileile. Gesi kamilifu inasema baa 372. Van der Waals inatoa 953 kwa sehemu ya kwanza na 743 kwa ya pili, inabaki 210. Kanieneo halisi ni baa 100. Ni kweli tumelikaribia jibu, lakini kukosea kwa mara mbili si makadirio ya kutegemea, wala mtu asichague unene wa mtungi kwa namba hiyo. Angalia pia jinsi jibu lilivyo dhaifu: ni tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa. Ongeza b kwa asilimia 1 tu, kanieneo linapanda baa 15.

Kosa hili lina asili yake. Thamani za a na b kwa kawaida hupatikana kutoka halijoto na kanieneo la kikomo cha gesi, pale tofauti kati ya mvuke na kimiminika inapotoweka: kelvini 304 na baa 74 kwa kaboni dayoksaidi. Namba mbili zimeshatumika kutosheleza mawili hayo; ujazo ukaachwa ujitafutie. Mlinganyo unaudai uwe 3b, lita 0.128 kwa moli, ilhali uliopimwa ni 0.094. Kwa hiyo kila unaposogea kwenye msongamano, ndipo unapokosea zaidi. Kwa kazi ya huko, tumia mlinganyo wa Peng na Robinson wa 1976 au majedwali ya vipimo.

Wala kanieneo kubwa peke yake si kigezo. Naitrojeni kwenye kelvini 300 na lita 0.125 kwa moli ni baa 199.5 kwa gesi kamilifu na 201 kwa van der Waals. Si kwamba molekuli zimeacha kuvutana: nafasi imeongeza karibu baa 90, mvutano ukapunguza 88, zikafutana. Badili halijoto, mfanano huo unavunjika.

Chini ya nyuzi 31 kaboni dayoksaidi ina jambo jingine kabisa. Kwenye nyuzi 20, ukiibana, kanieneo hufika baa 57 na kusimama hapo wakati mvuke unageuka kimiminika. Van der Waals yenyewe inachora wimbi linalopanda na kushuka mahali penye mstari mlalo. Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi una hali hiyohiyo ndani: ukisoma kanieneo hutajua kimebaki kiasi gani, ndiyo maana hupimwa kwa mizani.